Geti la Kassim

Geti lilifika Jumamosi asubuhi kwa mkokoteni: upana mita moja na nusu, kimo mita mbili, bati nene juu ya fremu ya chuma. Mzee Mbwana, jirani wa ukuta mmoja pale Mtongwe, alitoka na kikombe cha kahawa, akalizunguka, akaligonga kona zote nne.

"Kilo sabini hazipungui. Utalitundika lini?"

"Leo leo, mzee," Kassim akajibu. "Kesho wakwe zangu wanakuja."

"Wakwe watapita pasipo geti, na pilau wataila vilevile. Lete ngazi."

Alianza na timazi. Aliteremsha uzi kutoka kichwa cha nguzo, akangoja utulie, akapima nafasi kati ya uzi na nguzo, juu na chini. Zilikuwa sawa. Akashukuru kwamba nguzo yenyewe ni ya zege na nondo, maana ukuta uliobaki ni wa mawe ya matumbawe, na mawe hayo ni laini; uzito kama ule ungeyamega.

Kisha akampa Kassim ndoo ya maji, aishike mkono ukiwa umenyooka.

"Wapi panauma?"

"Begani."

"Basi bega la geti ni pini ya juu. Ya chini inasukumwa ndani ya nguzo, hiyo haina taabu. Ya juu inavutwa nje mchana na usiku."

Wakatia alama za chaki, kwenye nguzo mahali pa pini na kwenye geti mahali pa mabomba yatakayozivaa, pini mbili zikiachana kadiri fremu ilivyoruhusu, kwa sababu zikikaribiana ile ya juu huvutwa zaidi. Kassim akashika tindo na nyundo. Tundu la chini alichimba sentimita kumi na tano bila kupumzika. La juu lilimgomea: tindo ikagota kwenye nondo, akataka kuikata. Mzee akamzuia mkono. "Huo ndio mfupa wa nguzo. Shuka chini vidole viwili, na alama ya bomba kwenye geti tutaisogeza vivyo hivyo." Akachimba upya chini yake, vumbi limemjaa nyusi, na mzee akampokea nyundo alipoona mikono inatetemeka.

Matundu yakapulizwa vumbi, yakamwagiwa maji ili zege kavu lisinyonye maji ya udongo mpya. Saruji karai moja, mchanga wa mto makarai matatu. Kulikuwa na mchanga mwingine umelala bure uwanjani, wa ufukweni, lakini mzee hakutaka hata kuutazama. Chumvi ingezitafuna pini kutoka ndani. Mikia ya pini ilikuwa imepasuliwa na kupanuliwa ncha ili ing'ate. Waliishindilia, wakaning'iniza timazi tena, wakahakikisha pini zote mbili zinagusa uzi mmoja, kwa mbele na kwa ubavuni. Wakaziegemeza kwa mbao, wakafunika gunia bichi.

Wakwe walikuja, wakala, wakaenda zao. Wiki nzima Kassim alilowesha gunia asubuhi na jioni.

Jumamosi iliyofuata fundi wa kuchomelea akaja na mashine yake, akachomelea mabomba mawili kwenye fremu kwa kufuata alama. Yalipopoa wakayapaka grisi ndani. Geti likasimamishwa mbele ya nguzo juu ya kabari za mbao. Kassim akatia mtaimbo chini yake na kukandamiza, mzee akaongeza kabari, kidogo kidogo, hadi mabomba yakafika juu ya pini.

"Ya chini kwanza. Ndiyo maana nilitaka iwe ndefu kuliko ya juu, tusihangaike na mbili kwa mpigo. Bismillahi."

Bomba la chini likashika. Mzee akalisukuma geti kwa bega, la juu likaingia, na uzito wote ukakaa ghafla, tk! Kabari zikatolewa. Chini ikabaki nafasi ya sentimita tano ya kupitisha maji ya masika. Wakalifungua nusu na kuliacha: halikwenda mbele wala halikurudi. Mzee akacheka kwa sauti, akampiga Kassim mgongoni.

Fundi akachomelea kofia ya chuma kwenye ncha ya pini ya juu, mwizi asije akalinyanyua. Komeo wakalipaka masizi nchani, wakafunga geti, wakalisukuma likaacha doa kwenye nguzo ya pili. Hapo ndipo Kassim alipotoboa. Mwisho walipiga msasa kila palipokwaruzika na kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya ile ya kijani, kwani upepo wa bahari hausubiri.

Kassim akatoa noti mfukoni. Mzee akaurudisha mkono wake.

"Geti langu pini ya juu imelegea. Jumamosi uko?"

"Niko. Nakuja na tindo."