Kuhusu kuhamia Dodoma na tarehe ya kuripoti

Dada habari za jioni, pole na majukumu. Ni mimi yule wa stoo kutoka Dar mliyenifanyia usaili mwezi uliopita hapo ghala la Kizota. Jumatatu nilijibu barua ya ajira kwamba nimekubali, na nimekubali kwa moyo mmoja, mke wangu ameshaanza hadi kuulizia bei za mapazia huko. Ila kuna mambo ya kuhama naomba tuyaweke sawa mapema kabla sijaandika barua ya kuacha kazi hapa nilipo.

La kwanza tarehe. Barua inasema niripoti Jumatatu tarehe 4 Mei. Mimi nalipwa kwa mwezi kwahiyo notisi ni siku 28, na kusema ukweli siwezi kuipeleka kwa bosi kabla sijapata mkataba wenu uliosainiwa pande zote mbili, nina watoto wawili dada, nikiacha hapa halafu huko kitu kikakwama ntawaambia nini. Mkinitumia mkataba mpaka Ijumaa hii tarehe 10, napeleka notisi Jumatatu tarehe 13, zinaisha tarehe 10 Mei. Kwahiyo tarehe 4 haiwezekani kabisa. Ningeomba tarehe 18 Mei, hapo napata wiki moja ya kutafuta nyumba huko. Kama mna haraka sana niambie, tarehe 11 ntajitahidi nije na begi tu, ila ntakua sijapata pa kukaa.

Sasa hela ya kuhama. Barua imeandika tu "msaada wa uhamisho kwa mujibu wa taratibu za kampuni", naomba kujua ni shilingi ngapi na inatoka lini. Hili la lini ndio linaninyima usingizi. Kazi moja ya nyuma nilihamishwa kutoka Morogoro, nikaambiwa tumia hela yako leta risiti urudishiwe, nikakopa, ikarudi baada ya miezi mitano na watoto walikua washafukuzwa ada. Siwasemi nyie kwa makosa ya wengine, naomba tu kama inawezekana nipate yote au hata nusu kabla ya safari.

Nimeshapiga hesabu. Mwenye Fuso anataka laki tisa na nusu mpaka mlangoni na vibarua wa kupakia, mimi mwenyewe nauli haina shida ntapanda treni ya umeme ni elfu 31 tu, tatizo ni makabati na vitanda. Nyumba, shemeji yangu anakaa Nkuhungu kaniulizia, vyumba viwili na sebule yenye simtanki (maana maji ya mgao bila simtanki na watoto ni mateso) ni 180,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo, dalali naye anachukua mwezi mmoja. Hiyo tayari ni 1,260,000 kabla sijanunua hata umeme. Af kuna jambo la wahasibu: dalali na mwenye nyumba hawatoi risiti ya mashine, wanakuandikia kwenye karatasi. Je karatasi yenye saini na mkataba wa pango vitakubalika? Niambie sasa nijue cha kudai.

Kingine, familia haiji na mimi siku hiyo hiyo. Mkubwa yuko darasa la nne, ana mtihani wa taifa mwezi wa kumi, sitaki nimtoe katikati ya muhula, watakuja shule zikifungwa mwezi wa sita na uhamisho wake tutaufuatilia hapo. Kwahiyo mzigo utasafiri Juni, naomba haki ya Fuso isipotee kwa sababu sikuitumia Mei. Na hizo wiki za mwanzo, wakati nyumba bado, kampuni inanisaidia gesti? Nauliza kwa sababu Mei ni Bunge la bajeti na wote tunajua vyumba Dodoma vinavyokua msimu huo, vinajaa na bei inapanda, cha elfu 35 shemeji anasema nikikipata nishukuru. Wiki mbili zingenitosha.

Mwisho, nikipokea hiyo hela kuna sharti la kukaa muda fulani la sivyo nairudisha? Na inakatwa kodi au naipata kamili? Vyote viandikwe kwenye mkataba au hata kwenye barua ya pembeni, nitasaini.

Kama ni rahisi kuongea nipigie kesho baada ya saa kumi, mchana nakua naingiza mzigo sisikii simu. Ila hata tukiongea naomba uniandikie majibu hapa hapa dada, hasa la tarehe, kwa sababu Jumatatu asubuhi naingia kwa bosi na barua mkononi.

Asante sana, usiku mwema.