Taarifa ya Kifo cha Mteja Wenu, Marehemu Athumani Rajabu Kibwana

Zuhura Rajabu Kibwana,
Kata ya Kilakala,
Manispaa ya Morogoro.

24 Machi 2025

Meneja wa Tawi,
Tawi la Morogoro Mjini,
MOROGORO.

Ndugu Meneja,

YAH: KIFO CHA ATHUMANI RAJABU KIBWANA, AKAUNTI INAYOISHIA NA TARAKIMU 4417, NA MKOPO WAKE WA MSHAHARA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa masikitiko nawataarifu kwamba kaka yangu, Mwalimu Athumani Rajabu Kibwana, alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa 10 alfajiri, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na kuzikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya Alasiri. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake ulipitia tawi lenu.

Naandika kama dada wa marehemu niliyependekezwa na kikao cha familia cha tarehe 16 Machi niombe usimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo bado haijaniteua. Kwa hiyo barua hii ni ya kutoa taarifa na kuomba akaunti ilindwe. Siombi kulipwa chochote kwa sasa. Nikipata barua ya uteuzi, yaani Fomu Na. IV, nitaileta pamoja na maombi rasmi.

Kuanzia leo naomba msimamishe utoaji wote wa fedha kwenye akaunti hiyo: kadi, huduma ya benki kwa simu, na maagizo ya malipo ya kudumu kama yapo. Kadi tumeikata mbele ya mashahidi wawili, na vipande vimo ndani ya bahasha hii. Laini ya simu iliyounganishwa na akaunti tumeiacha hewani ili tuone ujumbe wenu, lakini laini hiyo isikubaliwe kutoa wala kuhamisha fedha. Asije mtu yeyote, hata mimi, hata mtoto wa marehemu, akapewa fedha kwa maneno au kwa muhtasari wa kikao pekee.

Kuna muamala mmoja mnaopaswa kuusikia kutoka kwetu. Asubuhi ya tarehe 9 Machi, saa 3:20, saa chache baada ya kifo, mtoto mkubwa wa marehemu alitoa shilingi 350,000 kwenye mashine ya ATM. Namba ya siri alikuwa nayo kwa sababu baba yake alikuwa akimtuma wakati wa ugonjwa. Fedha hizo zilinunua sanda, mbao na mikeka, zikalipa gari na wachimba kaburi. Risiti zilizopatikana ni za shilingi 291,000, na zilizobaki walilipwa watu wasiotoa risiti. Kijana hakujua kwamba ruhusa ya baba ilikoma pamoja na uhai wake. Kiasi hicho nitakiandika kama gharama za mazishi kwenye Fomu Na. V, orodha ya mali na madeni ninayotakiwa kuiwasilisha mahakamani ndani ya miezi minne tangu nitakapoteuliwa. Naomba nanyi mkiweke kwenye kumbukumbu zenu, kisije kikageuka tuhuma juu ya mtoto huyu baadaye.

Mshahara wa Machi unaweza kuwa umeingia au uko njiani. Marehemu alikuwa kazini hadi alipolazwa, na mwajiri ndiye atakayesema ni siku ngapi anazostahili kulipwa. Fedha hiyo ikiingia, naomba ibaki bila kuguswa hadi Halmashauri iandike. Ikitumika sasa, familia itadaiwa kuirejesha wakati haina kitu.

Sasa mkopo. Marehemu alikopa shilingi 9,000,000 mwezi Agosti 2022 kwa miezi 60, makato yakiwa shilingi 223,700 kwa mwezi, na kwenye hati yake ya mkopo limo tozo la bima ya mkopo lililokatwa mwanzoni. Naomba barua hii ihesabiwe kuwa taarifa rasmi ya kifo kwa ajili ya bima hiyo, na Afisa Mikopo aifikishe kwa kampuni ya bima mapema, kwa kuwa mikataba ya bima huweka kikomo cha siku za kutoa taarifa. Naomba pia mgonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yangu. Salio la mkopo naomba likokotolewe kufikia tarehe 9 Machi, na riba ya baada ya hapo isiongezwe wakati madai yanashughulikiwa. Kama kampuni ya bima ina fomu ya kujazwa na daktari kuhusu chanzo cha kifo, tupatiwe sasa, daktari aliyemhudumia akiwa bado yuko kituoni. Mafaili ya hospitali yakishapelekwa stoo, kuyapata ni kazi.

Halafu kuna suala la majina, ambalo najua ndilo litakalosimamisha faili likiachwa. Kwenye akaunti yenu ameandikwa Athumani R. Kibwana. Cheti cha kifo kinasema Athumani Rajabu Kibwana. Kitambulisho chake cha NIDA kinasema Othman Rajab Kibwana, kwa kuwa aliyeandikisha aliandika kama alivyosikia. Wote ni mtu mmoja. Nimeambatanisha hati ya kiapo inayotaja majina yote matatu, niliyoapa mbele ya wakili ambaye ni Kamishna wa Viapo. Kama kitengo chenu cha sheria kinataka kiapo kitaje jambo zaidi, naomba niambiwe kwa maandishi mara moja, nirekebishe yote kwa safari moja.

Mjane wa marehemu, Bi. Mwanaidi, yuko edani hadi katikati ya Julai na hatoki kuja ofisini. Likitokea jambo linalohitaji sahihi au dole gumba lake, naomba afisa wenu wa kike amfuate nyumbani kwa miadi, au jambo hilo lisubiri. Kutokufika kwake kusichukuliwe kuwa amekataa au hana haki. Marehemu ameacha pia watoto watatu, wawili kati yao wakiwa chini ya miaka 18.

Marehemu alikuwa mmoja wa watia sahihi watatu wa akaunti ya kikundi cha kuweka na kukopa iliyoko tawini kwenu. Fedha zile ni za wanakikundi, hazimo kwenye mirathi. Viongozi wao wataleta muhtasari wa kumteua mtia sahihi mpya; naomba akaunti yao isifungwe pamoja na ya marehemu.

Ninachosubiri kutoka kwenu kwa maandishi ni salio la akaunti kufikia tarehe 9 Machi, taarifa ya miamala kuanzia tarehe 1 Machi hadi leo, salio la mkopo, na jibu kama akaunti hii ina bima ya mazishi. Kama taarifa za fedha hamwezi kuzitoa kabla ya uteuzi wa mahakama, nitaelewa; thibitisheni basi kwamba akaunti imesimamishwa na kwamba bima imetaarifiwa. Namba yangu ya simu iko kwenye fomu niliyojaza kaunta.

Wako,

(Sahihi)
Zuhura Rajabu Kibwana
Dada wa marehemu

Viambatanisho:
– Nakala ya cheti cha kifo kilichotolewa na RITA, imethibitishwa na wakili. Cheti halisi nitakionyesha kaunta na kurudi nacho, kwani mahakama nayo inakihitaji
– Nakala za vitambulisho vya NIDA, cha marehemu na changu
– Hati ya kiapo cha majina
– Muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za wajumbe 11, pamoja na barua ya Serikali ya Mtaa
– Nakala ya hati ya mkopo, kurasa 6
– Risiti za mazishi na vipande vya kadi

Nakala: Afisa Mikopo wa Tawi, Mkurugenzi wa Manispaa (Idara ya Elimu ya Awali na Msingi)