Dokta Zainabu: presha, sukari na magonjwa mengine ya ndani

Karibu. Mimi naitwa Dokta Zainabu, niko hapa hospitalini Arua tangu 2018, na kazi yangu ni magonjwa ya ndani ya watu wazima, yaani yale ambayo kwa kawaida hayataki kisu: presha, sukari, moyo uliochoka, figo zinazoanza kusumbua, pumu, na zile homa zinazokaa wiki nzima mtu hajui zimetoka wapi. Watoto siwatibu, kuna mwenzangu wa watoto. Mama mjamzito mwenye presha namuona pamoja na dokta wa uzazi, simshiki peke yangu.

Udaktari nilisomea Makerere miaka 5, nikamaliza 2009, halafu mwaka mmoja wa intaneshipu, halafu nikafanya kazi wilayani kabla ya kurudi Makerere miaka mingine 3 kusomea magonjwa ya ndani, na mafunzo mengi ya wodini niliyapata Mulago. Nimesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda na leseni yangu naifanya upya kila mwaka kama sheria inavyotaka. Nakala imebandikwa ukutani nyuma ya meza yangu, na mgonjwa yeyote ana haki ya kuisoma au kuulizia jina langu kwa Baraza, sitakasirika hata kidogo, tena napenda watu wakiuliza.

Kwa nini presha na sukari? Baba yangu alikuwa dereva wa lori, mtu wa nguvu, aliambiwa ana presha akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Vilipoisha hakurudi, kwa sababu hakuwa anaumwa chochote, na hapo alipopewa hakuna mtu aliyekaa naye hata dakika tano kumwambia kwamba presha mara nyingi haiumi na ndiyo maana dawa haikatwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Miaka miwili baadaye alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala, na mpaka leo anakula kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa bado nasoma. Siwezi kusema kwamba dawa ingemkinga kwa hakika, lakini ingepunguza hatari, na zile dakika tano ambazo hakupewa mimi najitahidi kumpa kila mtu anayekaa mbele yangu.

Sasa ukija itakuwaje. Kwanza utakaa tu, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza, dakika tano hivi bila kuongea, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye boda juani au aliyekuwa anabishana foleni presha yake itasoma juu bure. Nitapima mara mbili. Mashine ikisoma 140/90 au zaidi si kwamba utaondoka na jina la ugonjwa siku hiyohiyo, wengi nawaambia warudi siku nyingine tupime tena, isipokuwa kama imepanda sana au una dalili, hapo tunaanza palepale. Kama ni sukari nitakuomba uvue viatu na soksi. Watu wengine wanaona aibu, mzee mmoja alikataa kabisa akasema miguu yake ina vumbi la Ariwara, nikamwambia vumbi linafutika, akavua, na katikati ya vidole kulikuwa na kidonda ambacho yeye mwenyewe hakuwa anakisikia. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua hisia za miguu, ndiyo maana lazima niangalie kwa macho na kugusa, siwezi kukuuliza tu kama unaumwa.

Dawa nazoandika mara nyingi ni za kawaida kabisa, kama amlodipini ya presha na metifomini ya sukari, na nitakwambia mapema kwamba ya kwanza inaweza kuvimbisha miguu na ya pili inaweza kuvuruga tumbo wiki za mwanzo, ili usishtuke ukaiacha. Ikikushinda rudi tubadilishe. Kama pesa imekataa sema hivyohivyo, tutafute ya bei ya chini, ni heri dawa rahisi unayoimeza kila siku kuliko ya ghali unayoruka. Duka la dawa hainipi kamisheni.

Kuhusu miti shamba siwezi kukugombeza, naomba tu uniambie unakunywa nini, maana zingine zinashusha sukari juu ya dawa yangu na zingine zinasumbua figo, nikijua tunapanga pamoja. Na kwa ndugu zangu Waislamu wenye sukari, hasa wanaochoma insulini, njooni wiki sita hivi kabla ya Ramadhani tuzungumze. Kuna wanaoweza kufunga tukibadilisha saa na kipimo cha dawa, na kuna ambao nitawaambia waziwazi kwamba kwao kufunga ni hatari.

Kitu ambacho sitakuahidi ni kwamba nitaiondoa presha au sukari ikasahaulika. Kwa watu wengi ni ugonjwa wa kukaa nao, tunaushika usiharibu macho, figo, moyo na miguu. Wapo waliopunguza uzito wakabadilisha chakula na tukawapunguzia dawa, lakini huwezi kujua mapema kama utakuwa mmoja wao. Upasuaji sifanyi. Mtu akihitaji kazi kubwa ya moyo namwandikia barua ya kwenda Taasisi ya Moyo Mulago, na kesi ikinizidi akili napigia simu wenzangu wa Kampala wewe ukiwa umekaa hapo, naona ni vizuri usikie.

Naongea Kiswahili, Kinubi, Kilugbara na Kiingereza. Lingala naelewa kidogo, ya salamu na ya sokoni, haitoshi kueleza ugonjwa, kwa hiyo wanaotoka upande wa Kongo na hawana Kiswahili tunawaitia nesi atafsiri. Tafadhali usimlete mtoto wako wa shule akutafsirie, kuna mambo ya mwili wa mama au baba ambayo mtoto hapaswi kuyabeba.

Kliniki yangu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, na Ijumaa nafunga saa sita. Kitabu cha namba kiko mapokezi, huhitaji kumjua mtu. Siku zingine niko wodini. Lakini mdomo ukipinda ghafla, mkono au mguu wa upande mmoja ukakosa nguvu, maneno yakatoka vibaya, au kifua kikabana na jasho likatoka, usingoje siku yangu wala usinitafute mimi, njoo emajensi saa hiyohiyo hata usiku wa manane, daktari wa zamu yupo.

Ukija kliniki leta dawa zako zote na pakiti zake, weka kwenye kavera moja, hata zile ulizoacha, hata zile alizokupa jirani. Dawa ya presha ya asubuhi meza kama kawaida. Na kunywa chai yako, usije na njaa isipokuwa tumekuandikia kwenye kadi kwamba siku hiyo unapimwa damu kabla ya kula.