Nakuja intavyuu kesho Jumatano saa 3 asubuhi, nafasi ya mtunza stoo

Habari za mchana dada, pole na kazi. Ni Neema wa Kibaigwa uliyenipigia saa saba, samahani nilikujibu kwa haraka, nilikuwa mzanini na madereva wawili wananisubiri. Nimekubali, kesho saa tatu kamili nitakuwa hapo ofisini kwenu Kisasa. Nashukuru sana, maana maombi nilituma toka mwezi wa tatu nikajua ndo basi tena.

Sikukuthibitishia palepale kwenye simu kwa sababu bado niko kazini na funguo za ghala nazishika mimi. Kesho alfajiri kuna fuso linakuja kupakia mahindi gunia 180, sasa ningekubali halafu nikapotea tu gari lingekaa hapo siku nzima na mwenye mzigo hana kosa. Nimeshaongea na bosi, nimeomba siku moja kwenye likizo yangu ya mwaka, zile siku 28 nilikuwa sijazigusa, akasema sawa ila stoo ikabidhiwe leoleo. Kwa hiyo saa kumi hii naanza kuhesabu na mwenzangu, tunaenda safu kwa safu, anataja yeye naandika mimi, tukimaliza tunasaini wote wawili kwenye leja ndo namwachia funguo.

Kuna mtu hapa kanishauri niseme mtoto anaumwa, kwamba ruhusa ya hivyo ipo kisheria siku nne na unalipwa. Ipo kweli, lakini mwanangu ni mzima, yuko shule, siwezi kumtamkia ugonjwa ili nipate siku halafu nije kwenu niombe mniamini na mali zenu.

Nitapanda gari la kwanza saa kumi na moja na nusu, nashuka Nanenane nachukua bodaboda, nategemea saa mbili na robo niwe nimeshafika mjini. Yale mabasi ya kutokea Morogoro saa nyingine yanapita yamejaa, ila nikiona naanza kuchelewa nakupigia mapema kabla ya saa mbili na nusu, sitakuacha unasubiri.

Vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA nakuja navyo. Kama kuna jaribio la kompyuta naomba unishtue leo, mimi Eksel naijua ya kuingiza mzigo na kutoa, hizo ripoti kubwa bado najifunza.

Na ombi moja dada yangu, bosi wangu msimpigie kwanza. Nimemwambia nina shughuli binafsi Dodoma, sijamwambia ni intavyuu, na nataka akisikia asikie kwangu. Wale wadhamini wawili walioko kwenye sivii wapigieni muda wowote, nimeshawaambia.

Niko hewani mpaka saa nne usiku, ila hii saa kumi mpaka kumi na mbili nikiwa nahesabu simu naiweka mbali, ukinikosa niandikie tu hapahapa nitaona.

Asante sana dada, tuonane kesho.
Neema