Barua ya rufaa: mzazi mwenye uchungu uliosimama, kutoka Makangale kwenda Kituo cha Afya Konde

Makangale, Pemba
Ijumaa, 14 Februari 2025, saa 9 alasiri

Kwa dakta au mkunga wa zamu, Kituo cha Afya Konde.

Assalaam alaykum wanangu.

Namleta Raya Hamad Kombo, miaka 27. Mimba ya nne, watoto wawili wahai, moja iliharibika. Uchungu umemshika tangu jana usiku saa 3, sasa ni muda wa saa 18. Chupa imepasuka tangu saa 1 asubuhi. Mtoto hashuki na uchungu umepungua nguvu. Maji yamegeuka rangi ya majani tangu saa 8 mchana. Amekunywa mzizi wa kuzidisha uchungu. Nitaeleza chini, tafadhalini someni kabla hamjampa sindano wala dripu yoyote ya uchungu.

Kama mna haraka, hayo yanatosha kuanzia. Yaliyobaki ni habari yake nzima, maana mwenyewe amechoka na akiulizwa sana hujibu "ndiyo" kwa kila kitu.

Anayeandika ni mjukuu wangu wa skuli. Maneno ni yangu. Saa zote ni za Kiswahili.

Niliitwa saa 5 usiku. Nilimkuta anatembea uwanjani, uchungu unakuja mara mbili kwa dakika kumi, na katikati anaongea na kucheka. Nikasema twendeni Konde sasa hivi, kwani semina tulizopewa sisi wakunga wa jadi tuliambiwa kazi yetu ni kusindikiza, si kuzalisha. Gari hakuna usiku ule, na wazee wa nyumba wakasema watoto wake wawili walitoka kabla kahawa haijachemka, tungemzalisha njiani ndani ya msitu wa Ngezi. Nikakubali tungoje kuche. Hilo ni langu, nalisema ili mjue kwa nini tumefika na saa nyingi.

Alfajiri saa 11 uchungu ulikuwa mzuri: mara tatu kwa dakika kumi, nikihesabu mpaka 40 kila mmoja. Nilipopapasa tumbo, kichwa kilikuwa chini, lakini vidole vyangu vinne vinakishika juu ya mfupa wa kinena. Saa 1 chupa ikapasuka yenyewe, maji meupe, hayana harufu. Nikadhani sasa kitashuka. Saa 4 nikapapasa tena: vidole vinne. Saa 8: vinne vilevile. Kwa mtu wa uzazi wa kwanza ningesema tuvute subira. Raya simjui hivyo. Mtoto wa kwanza, mwaka 2016, alimchukua usiku mmoja tu. Wa pili, 2020, tangu kuanza mpaka kulia mtoto haukufika muda wa saa 5. Huyu wa sasa ana jambo.

Nadhani mtoto anatazama mbele. Mgongo wake siupati vizuri mbele; naupata mbali ubavuni, mkono wa kulia. Mateke anayapiga hapa karibu na kitovu, na tumbo chini ya kitovu limebonyea kama sahani. Raya analalamika mgongo na kiuno kuliko tumbo, na kanda zote nilizomkanda hazikumpoza. Tumbo pia ni kubwa kuliko nililolijua la wale wawili. Ninyi mna mikono na vyombo, mtahakikisha.

Sikumpima kwa ndani hata mara moja. Hakuna mtu mwingine aliyempima. Kwa hiyo mlango umefunguka kiasi gani sijui.

Mzizi. Saa 3 asubuhi, mimi nikiwa nje natafuta gari, bibi yake mzaa baba alimpa kikombe cha maji ya mzizi uliochemshwa. Sikuambiwa. Nilichoona ni kuwa kuanzia hapo uchungu ulipandana mmoja juu ya mwenzake, hapati pumzi, karibu saa nzima, kisha ukalegea. Nimekuja kuambiwa saa 8, baada ya kuuliza kwa ukali. Alikunywa kikombe kimoja cha chai, si zaidi, wameapa. Jina la mzizi bibi hakubali kulitaja, lakini kipande kilichobaki nimekitia kwenye karatasi ya gazeti na kimo ndani ya mkoba wa kanga. Nawaomba msimgombeze bibi huyo mbele ya watu; anakuja naye ndani ya gari, na mkimtisha leo, kesho atampa mwengine na kuficha vyema zaidi.

Vingine alivyokunywa: chai ya tangawizi na mdalasini usiku, na kombe la zafarani alilosomewa na mwalimu saa 12 asubuhi. Kombe ni maji na wino wa zafarani tu, nimeliona likioshwa. Dawa ya dukani au ya spitali hakupewa. Chakula cha mwisho ni uji mwepesi nusu bakuli, saa 5 asubuhi. Baada ya hapo mafunda ya maji tu. Nimewakataza kumpa kingine, isije ikawa anakwenda kupasuliwa.

Mkojo: mara ya mwisho ni saa 4 asubuhi, kidogo na mzito kama chai kavu. Tangu hapo amejaribu mara tatu hautoki. Kibofu kinaonekana kwa macho, kimevimba juu ya mfupa. Hili linanitia wasiwasi kama lile la maji.

Saa 6 na nusu nilikwenda kuswali. Niliporudi nikamkuta jirani amemkalia nyuma anamwambia sukuma, na Raya anasukuma. Ilikuwa kama nusu saa. Nikakataza. Hakuna aliyemkandamiza tumbo kwa juu, hilo nimeuliza mara mbili na Raya mwenyewe amethibitisha.

Damu: ute wenye damu kidogo tangu usiku, damu mbichi hapana. Maji ya rangi ya majani ni mepesi, si mazito. Harufu bado. Mwili nimeugusa kwa mgongo wa mkono, una joto kidogo kuliko asubuhi, kipimajoto sina. Hakuwa na kifafa, macho anaona sawa, kichwa hakimuumi, miguu haikuvimba. Nimetazama tumbo kama lina mfereji unaolikata katikati. Sikuuona nilipoandika haya. Mtoto alicheza saa 8 na nusu, nimehisi kwa mkono wangu. Sina kile chombo cha kusikilizia moyo.

Sasa uchungu ni mara mbili kwa dakika kumi, nahesabu 20, haufiki 25.

Jambo jingine msilolikuta limeandikwa wazi: uzazi wa 2020 ulikuwa nyumbani, na kondo lilikaa karibu saa moja. Lilipotoka, damu ilimwagika mpaka akazimia, tukamkimbiza spitali. Kwa hiyo hata mtoto akitoka salama kwenu, naomba msimwache peke yake baada ya hapo, na dawa ya kuzuia damu iwe karibu. Mimba iliyoharibika ilikuwa 2022, miezi mitatu, alisafishwa spitali. Hajawahi kupasuliwa.

Kadi ya kliniki ipo, imefungwa na barua hii. Amehudhuria mara tano. Kwa hesabu ya kadi yuko wiki ya 39. Presa ya mwisho imeandikwa 110/70. Kundi la damu limo. Majibu ya vipimo vingine nayo yamo, sikuyaandika hapa kwa sababu karatasi hii itapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwenu.

Mumewe yuko dago, hapatikani kwa simu tangu juzi. Watu wa nyumbani walisema lazima angojwe atoe ruhusa. Nimemuuliza Raya mwenyewe, mbele ya mama yake na shemeji yake, kama atakubali kupelekwa Micheweni au Wete na kupasuliwa ikibidi. Amesema: "Nakubali, mtoeni tu." Basi ruhusa ni hiyo, na asije mtu mlangoni kwenu akasema haikutolewa. Shemeji yake anakuja naye na yuko tayari kutia saini pamoja na Raya. Vijana wawili, kaka zake, wanafuata kwa pikipiki kwa ajili ya kutoa damu. Hawajala tangu asubuhi, wapeni chochote kwanza.

Nilichomfanyia mimi ni hiki: nimemtembeza usiku, nimemkanda kiuno kwa mafuta ya nazi, nimemlaza ubavu wa kushoto tangu saa 8. Hakuna zaidi.

Gari tumeipata baada ya swala ya Ijumaa, ni ya kubebea viungo na ndizi, tumetandika godoro. Nakuja naye mwenyewe. Mkoba una kanga sita, pamba, nguo za mtoto, na glavu nilizopewa semina, hazijafunguliwa.

Mkiona mnalimudu hapo Konde, Alhamdulillahi. Mkiona hamlimudu, naomba muiite kwa simu gari ya wagonjwa papo hapo, msingoje kwa ajili ya kuniridhisha mimi. Mkishamaliza niandikieni nyuma ya karatasi hii: mtoto alikaaje, kondo lilitoka vipi, damu ilikuwaje, na lini arudi kliniki. Siku arubaini zake nitakuwa naye mimi nyumbani, na nisipojua yaliyompata kwenu nitakuwa namkanda gizani.

Bi Mize Faki Omar, mkunga wa jadi, Makangale
(dole gumba limewekwa hapa chini, nimeandika mimi mjukuu wake)

NYONGEZA, ndani ya gari. Mwandiko ni mbaya kwa sababu ya mashimo.

Saa 9 na dakika 50. Tumeondoka. Ubavu wa kushoto.

Saa 10 na dakika 5, tuko ndani ya msitu wa Ngezi. Ametapika mara moja, maji ya manjano. Uchungu mmoja tu tangu tuondoke, nimehesabu 20. Mtoto amecheza kidogo.

Saa 10 na dakika 20. Bibi mwenye mzizi ameanza kusema mwenyewe. Anasema hakikuwa kikombe kimoja. Vilikuwa viwili, cha pili saa 7, tulipokuwa tunangoja watu watoke msikitini. Sahihisheni pale juu: VIKOMBE VIWILI, saa 3 na saa 7.

Saa 10 na dakika 30, tunaingia Konde. Uchungu umerudi, mara mbili mfululizo, anashika chuma cha gari. Mapigo ya mkono wake nimehesabu kwa saa ya shemeji, 112. Maji yaliyotoka sasa ni mazito kuliko ya saa 8. Tumbo nimelifunua tena: bado sioni mfereji, kibofu kiko vilevile.

Barua na kadi nampa mkunga wa zamu mkononi, si mlinzi.