Tangazo la kahawa nyekundu, Mbozi

Mwenyekiti, shikamoo. Ujumbe wako wa jana ulisema hivi:

"Jamani, poleni na baridi! Mtambo umewaka, unanguruma kama ng'ombe dume. Sasa yule aliyeleta debe nusu mbichi nusu kavu anajijua, simtaji. Leteni nyekundu tupu, jioni tunafunga. Vitabu mje navyo, msiniambie mtoto kachora. Jumamosi tukutane basi, kuna la malipo."

Nimeuandika upya, naomba uupitie kabla sijaubandika ghalani:

TANGAZO KWA WANACHAMA WOTE

YAH: KUPOKEA KAHAWA NA MKUTANO WA WANACHAMA

Mnatangaziwa kuwa mtambo wa kumenya kahawa umeanza kazi. Kahawa itapokelewa Jumatatu hadi Jumamosi, saa 8:00 mchana hadi saa 12:00 jioni. Yatapokelewa matunda mekundu yaliyoiva tu, yaliyochumwa siku hiyohiyo. Mabichi, makavu na yaliyotobolewa na wadudu yatengwe nyumbani. Yakikutwa kwenye mizani, mzigo wote utarudishwa kwa mwenyewe ukachambuliwe. Kila mwanachama aje na kitabu chake, uzito uandikwe akiwa anaona.

Mkutano utafanyika ghalani Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa 4:00 asubuhi. Ajenda ni malipo ya awali ya msimu.

Limetolewa na Katibu, kwa niaba ya Mwenyekiti.

Ng'ombe dume nimemtoa, ingawa alinichekesha. Wa debe naye nimemwacha, kijiji kizima kinamjua. Saa ya mkutano hukuitaja. Nimeweka saa 4, ukungu uwe umepanda.