Fungua tawi la chipsi kuku kwa jina letu: gharama zote, msaada tunaotoa na mahali pesa zinapoweza kupotea

Kipeperushi hiki kinachukua nafasi ya kile cha zamani. Kile kiliandika "mtaji milioni 17.6 tu", "faida kuanzia mwezi wa kwanza" na "mtaji unarudi ndani ya miezi sita". Kama unacho, kitupe. Milioni 17.6 ilijumlisha ada ya kujiunga, vifaa na bidhaa za kuanzia peke yake, na hakuna anayefungua mgahawa bila fremu. Maneno mawili yaliyobaki hayakuwa na hesabu nyuma yake.

Unachonunua

Unanunua haki ya kutumia jina, bango, mapishi na utaratibu wetu wa kazi kwa miaka 5, mahali pamoja, Dar es Salaam. Hununui wateja. Alama yetu ya biashara imesajiliwa BRELA na nakala ya cheti utapewa kabla ya kusaini. Tanzania haina sheria mahususi ya franchaizi inayotulazimisha kukufichulia haya, kwa hiyo kinga yako ni mkataba. Mpelekee wakili wako, si wetu. Tunakuachia mkataba siku 21 na katika siku hizo hatupokei shilingi yako.

Mtaji wa kuanzia

Hesabu hii ni ya fremu ya mita za mraba 40 hivi, yenye kodi ya 600,000 kwa mwezi, maeneo kama Sinza, Tabata au Mbagala.

- Ada ya kujiunga: 6,000,000
- Kodi ya miezi 6 mbele, pamoja na dalali (kodi ya mwezi mmoja): 4,200,000
- Ukarabati: vigae, sinki, bomba la moshi, umeme, rangi, bango: 7,500,000
- Vifaa: mashine mbili za kukaangia za gesi, friza, kabati la kioo, mizani, mitungi ya gesi, meza na viti: 9,800,000
- Mashine ya EFD: 600,000
- Leseni, zimamoto, vipimo vya afya vya wafanyakazi: 900,000
- Bidhaa za kuanzia: 1,800,000
- Akiba ya kuendeshea miezi 4 ya kwanza: 9,000,000

Jumla ni 39,800,000. Fremu iliyowahi kuwa mgahawa inaweza kukushusha hadi milioni 33, maana bomba la moshi na sinki vipo tayari. Fremu tupu yenye umeme dhaifu hufika milioni 48.

Mstari wa mwisho ndio watu wanaoukata kwanza pesa zikipungua, nao ndio unaofunga tawi. Miezi ya mwanzo wateja ni wachache, lakini mshahara na kodi havisubiri. Kama una milioni 31 mkononi na unategemea mauzo yalipe mishahara ya mwezi wa pili, usianze mwaka huu.

Ada ya kujiunga inarudishwa yote ukijitoa kabla ya mafunzo kuanza. Mafunzo yakianza hairudi, hata kama hujafungua mlango.

Kila mwezi

Kwetu unalipa asilimia 5 ya mauzo ghafi kama ada ya jina na asilimia 1 ya mfuko wa matangazo. Ni asilimia ya mauzo, si ya faida: mwezi uliopata hasara, sisi bado tunalipwa. Ada ya jina inahesabika kisheria kama mrabaha, hivyo unakata asilimia 15 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Kodi hiyo ni yetu, inatoka ndani ya ada, wala haiongezwi juu yake.

Kodi ya pango nayo ina zuio la asilimia 10. Wenye nyumba wengi husema "hiyo utajua mwenyewe na TRA". Malizaneni kabla ya kusaini, kwa maandishi, la sivyo gharama itakuangukia wewe.

Mfano wa tawi lenye wateja 80 kwa siku, kila mmoja akiacha wastani wa 5,000, siku 28: mauzo ni 11,200,000. Viazi, kuku, mafuta, viungo na vifungashio vinakula asilimia 52, yaani 5,824,000. Ada zetu mbili ni 672,000. Kodi ya fremu 600,000. Wafanyakazi watano (wapishi wawili, wahudumu wawili, msimamizi) pamoja na mchango wako wa NSSF na WCF ni 1,978,000. Gesi 420,000, umeme na maji 380,000, ulinzi na taka 200,000, matengenezo 120,000. Kinachobaki ni 1,006,000, kabla ya kodi ya mapato na kabla ya rejesho la mkopo. Kwa kasi hiyo milioni 39.8 zinarudi baada ya miezi 40 hivi, bila wewe kujilipa mshahara.

Wateja 63 kwa siku ndipo tawi linapojilipia bila kubakiza kitu. Wakiwa 60, unapoteza 170,000 kila mwezi. Wakiwa 110, utahitaji mhudumu wa tatu, na kinabaki kama 2,450,000. Ukifika 120 utakuwa umevuka mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, kizingiti cha kujisajili VAT. Asilimia 18 hiyo huwezi kumwongezea mla chipsi ghafla, kwa hiyo sehemu kubwa itatoka mfukoni mwako. Tawi linalokua linaweza kubakiza kidogo kuliko lilivyobakiza mwaka uliopita.

Matawi yetu yako wapi leo

Matawi 11 yamefunguliwa na watu wengine kwa jina letu. Saba yanafanya kazi, moja liliuzwa kwa mtu mwingine, matatu yamefungwa. Katika yale saba, mawili yanazidi wateja 100, matatu yako kati ya 70 na 90, na mawili yako chini ya 63, yaani wenye nayo wanayalisha kwa pesa za nje. Kati ya matatu yaliyofungwa, moja lilikatwa na ujenzi wa barabara uliofunga upande wa kuingilia kwa miezi mingi. Mawili yaliachiwa msimamizi na mwenye tawi akawa anapita Jumamosi tu.

Namba za simu za wenye matawi wote waliokubali kuzungumza, wakiwemo wawili waliofunga, utapewa siku ya kikao cha kwanza. Wapigie bila sisi kuwepo. Waulize waliuza sahani ngapi Jumanne, si Ijumaa.

Msaada tunaotoa

Mafunzo ni siku 14 katika tawi la Sinza, kwa watu watatu: wewe, msimamizi na mpishi mmoja. Wapishi wakibadilika baadaye, na watabadilika, kufundisha mpya ni 150,000 kwa kichwa.

Mnafundishwa kukaanga mara mbili: kwanza nyuzi 140 hadi 150 kwa dakika 5 hivi viazi viive ndani bila rangi, kisha vipoe, halafu nyuzi 180 kwa dakika 2 hadi 3 mteja anapoagiza. Mnafundishwa kuchuja mafuta kila usiku yakishapoa, na dalili za kuyamwaga: yanatoa povu lisiloisha, yamekuwa meusi, yanafuka moshi kabla ya kufika joto la kazi. Viazi havilali kwenye friji. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi zinatoka kahawia, zenye uchungu, huku mpishi akilaumu mafuta. Ukimenya gunia, hesabu kupoteza kati ya sehemu ya tano na robo ya uzito. Kuku mmoja ni robo 4. Kuku 30 wakitoka kwenye friza, mashine ya EFD lazima ionyeshe robo 120 au zilizobaki zionekane. Wizi mwingi wa jikoni unakamatwa kwa hesabu hiyo ya kila usiku, si kwa kamera.

Siku 5 za ufunguzi mtu wetu anakaa nawe. Baada ya hapo ni ziara moja kwa mwezi yenye ripoti ya maandishi, na simu kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 4 usiku.

Hatukutafutii mkopo, hatukuajirii watu, hatutengenezi vifaa vilivyoharibika, wala hatukudhamini kwa mwenye nyumba. Tunakagua fremu uliyoipata na kuikubali au kuikataa. Kukubali kwetu kuna maana kwamba jiko litaingia na moshi utatoka. Si ahadi kwamba wateja watakuja. Kaa nje ya fremu hiyo siku tatu, moja iwe katikati ya wiki, saa 6 hadi saa 8 mchana na saa 12 hadi saa 4 usiku, uhesabu wanaopita kwa miguu.

Tunachopata zaidi ya ada

Viungo vya kuku na vifungashio vyenye nembo lazima ununue kwetu, na tunaweka faida ya asilimia 8 juu yake. Kipeperushi cha zamani kilikaa kimya kuhusu hili. Viazi, kuku, mafuta na gesi nunua popote, mradi vifike kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo.

Hatari

Bei ya mafuta ya kula na kuku ndiyo inayouma zaidi. Malighafi ikipanda kutoka asilimia 52 hadi 57, lile tawi la wateja 80 linabaki na 446,000 badala ya 1,006,000. Bei ya sahani tunaipanga sisi kwa matawi yote na tunaipitia kila miezi 3. Katikati huruhusiwi kupandisha.

Mwezi wa Ramadhani mauzo ya mchana hushuka sana, hasa mitaa yenye Waislamu wengi. Baada ya futari hurudi kiasi, lakini si yote. Kuku hupanda karibu na Krismasi na Idi, wakati ule ule unapowahitaji wengi. Umeme ukikatika usiku kucha, friza iliyojaa na kufungwa hustahimili. Iliyo nusu tupu na kufunguliwa kila saa huyeyusha, na kuku aliyeyeyuka harudishwi kugandishwa.

Eneo lako linalindwa kilomita 1.5 dhidi ya tawi letu lingine. Halilindwi dhidi ya banda la jirani linalouza chipsi kavu kwa bei ya chini, wala dhidi ya tawi letu la mbali linaloleta chakula kwa bodaboda hadi mtaani kwako.

Ukifunga kabla ya miaka 5 hatukudai ada za miezi iliyobaki. Kifungu kilichozidai tumekifuta. Unashusha bango ndani ya siku 14, na kwa miezi 12 hufungui chipsi kuku nyingine ndani ya kilomita 1.5. Ada ya kujiunga na ukarabati, milioni 13.5 kwa pamoja, havirudi. Vifaa vilivyotumika mwaka mmoja huuzwa theluthi hadi nusu ya bei. Ukipata mnunuzi wa tawi lenyewe, ada ya kuhamisha ni 1,500,000, na tuna haki ya kumkataa mnunuzi kwa sababu tutakayoiandika.

Kama bado unataka

Njoo ofisi ya Sinza Jumanne au Alhamisi, saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Lete kitambulisho cha NIDA, TIN na taarifa ya benki au ya simu ya miezi 6 inayoonyesha pesa ulizonazo. Usije na pesa taslimu. Malipo yote yanaingia benki kwa jina la kampuni, na mfanyakazi wetu akikuomba "ya kuwahisha fremu", mkatalie na utuambie.